Marekebisho ya dau kwa kifaa na kwa eneo: la pili lihesabiwe baada ya la kwanza

Nikifunguliwa akaunti ya Google Ads ambayo imeshapita mikononi mwa watu kadhaa, nakimbilia mapema kwenye jedwali la maeneo la kampeni za utafutaji. Kwa kawaida nakuta eneo hili limeongezwa asilimia 15, lile limepunguzwa 10, na ukienda kwenye vifaa simu zimepunguzwa 30. Kila namba, ukiichukua peke yake, ina sababu inayoeleweka. Tabu huanza zinapokutana kwenye mnada mmoja, kwa kuwa hapo hazijumlishwi bali huzidishana.

Kanuni yenyewe ni fupi:

```
dau la mwisho = dau la msingi × kifaa × eneo × muda
```

Simu ikipunguzwa asilimia 30 na eneo likiongezwa 15, anayetafuta kwa simu akiwa katika eneo hilo anapata 0.70 × 1.15, yaani 0.805 ya dau la msingi. Kila rekebisho linaruhusiwa kuanzia −90% hadi +900%, na kifaa kinaweza kuwekwa −100%, maana yake tangazo lisionekane kabisa kwenye kifaa hicho. Maeneo yaliyo ndani ya mengine hayazidishani. Ukiweka nchi −20% na mji ulio ndani yake +10%, mji huo unapata +10% tu, kwa sababu eneo dogo zaidi ndilo linalofuatwa.

Kuzidishana huku kunachukulia kwamba kifaa na eneo ni mambo mawili yasiyohusiana. Katika data halisi huhusiana sana. Kuna maeneo ambako karibu kila anayetafuta yuko kwenye simu, na mengine ambako kompyuta za ofisini ndizo zinazotawala. Basi unapoona eneo fulani linaleta oda chache, huenda unaiona simu ileile kwa mara ya pili, ikiwa imevaa jina la eneo.

Tuchukue mfano wa kubuni wenye namba nyepesi. Kampeni moja inatumia `Manual CPC`, yaani dau la kila mbofyo linawekwa kwa mkono, dau la msingi ni 90, na kuna maeneo mawili yenye mibofyo 4,000 kila moja.

| | Kompyuta: mibofyo / oda | Simu: mibofyo / oda | Jumla ya oda |
|---|---|---|---|
| Eneo A | 3,000 / 180 | 1,000 / 30 | 210 |
| Eneo B | 1,000 / 60 | 3,000 / 90 | 150 |

Kwa ujumla mibofyo 8,000 imeleta oda 360, yaani asilimia 4.5. Kompyuta ni asilimia 6, simu ni 3. Eneo A ni 5.25, eneo B ni 3.75. Mwenye kampeni anafungua ripoti ya vifaa, analinganisha na 4.5, anaweka kompyuta +33% na simu −33%. Kisha anafungua ripoti ya maeneo, anafanya hesabu ileile, anaweka A +17% na B −17%. Ripoti zote mbili hazikumdanganya, wala hesabu yake ya kila ripoti haina kosa.

Sasa rudi kwenye jedwali. Kompyuta inaleta asilimia 6 kule A na 6 kule B. Simu ni 3 huku na 3 kule. Maeneo haya hayana tofauti yoyote. Kinachotofautiana ni mchanganyiko wa vifaa tu. Dau linalolingana na thamani ni 120 kwa kompyuta na 60 kwa simu, popote pale. Lakini baada ya kuzidisha, kompyuta iliyoko A inalipiwa hadi 140 na ile ya B inaishia 100; simu ya A inapewa 70 na ya B 50. Rekebisho la eneo limeharibu kile ambacho rekebisho la kifaa lilikuwa limekiweka sawa. Utaigundua hali hii kwa kutazama gharama ya kila oda kwa kifaa ndani ya kila eneo: A inaanza kupanda kwenye vifaa vyote viwili, na B inashuka huku ikipoteza maonyesho kwa sababu ya nafasi katika mnada.

Ndiyo maana siweki rekebisho la eneo kwa kulinganisha kiwango cha eneo na wastani wa kampeni. Naanza na kifaa. Kisha najiuliza: kama kifaa pekee ndicho kingekuwa na maana, eneo hili lingetarajiwa kuleta oda ngapi? Kwa A jibu ni 3,000 × 6% kujumlisha 1,000 × 3%, yaani 210, na oda zilizopatikana ni 210. Uwiano ni 1, kwa hiyo hakuna la kurekebisha.

Ongeza eneo la tatu, C, lenye mibofyo 500 ya kompyuta na 1,500 ya simu. Kwa viwango vile vya A na B, linatarajiwa kuleta 30 + 45, jumla oda 75. Limeleta 48. Uwiano ni 0.64, yaani upungufu wa asilimia 36 ambao kifaa hakiwezi kuueleza. Hapa kweli pana kitu. Angalia pia kwamba anayelinganisha bila kutenganisha vifaa angepata asilimia 2.4 dhidi ya 4.5, akaweka −47%, na kuipunguza simu mara mbili.

Data ya kufanyia hesabu hii haionekani vizuri kwenye ripoti za kawaida, kwa kuwa kila moja inaonyesha upande mmoja. Unaweza kuitengeneza ndani ya kihariri cha ripoti kwa kuweka eneo na kifaa kwenye safu, au kuivuta kwa ulizo kama hili:

```
SELECT segments.geo_target_region, segments.device,
  metrics.clicks, metrics.conversions, metrics.cost_micros
FROM user_location_view
WHERE segments.date DURING LAST_30_DAYS
```

Gharama itakuja ikiwa imezidishwa kwa milioni moja, kwa hiyo igawanye. Nimetumia `user_location_view` kwa makusudi: inaonyesha mahali mtu alipokuwa. Mpangilio wa kawaida wa kampeni hukubali pia watu walioonyesha kuvutiwa na eneo hata kama wako mbali nalo. Anayetafuta hoteli za mji fulani akiwa nchi nyingine anaweza kuhesabiwa katika mji huo. Kabla hujaamua eneo ni baya, hakikisha wanaobofya wako huko. Wakati mwingine dawa ni kubadili mpangilio huo, na dau unaliacha lilivyo.

Suala la wingi wa data ndilo linaloua marekebisho mengi. Kwa makadirio ya haraka, chukua kipeuo cha pili cha idadi ya oda: oda 100 zinaweza kupanda au kushuka kwa 10 hivi kwa bahati tu, oda 25 kwa 5, na si ajabu kuona mara mbili ya hapo. Kwa hiyo eneo lenye oda 25 linaweza kuonekana bovu au zuri kwa asilimia 40 bila chochote kubadilika. Kule C, oda 48 zina mtikisiko wa karibu 7. Hata ukizidisha mara mbili unafika 62, bado chini ya 75, kwa hiyo upungufu ule nauamini. Hata hivyo singeweka −36% siku ya kwanza. Ningeanza na −25%, kwa kuwa eneo lililochaguliwa kwa sababu linaonekana baya kupita mengine huwa limebeba pia sehemu ya bahati mbaya.

Tofauti ndogo nazo naziacha, hata zikiwa za kweli. Karibu na dau lililo sahihi faida haibadiliki sana: ukikosea kwa asilimia 10, unachopata ni mibofyo michache zaidi au pungufu, ambayo thamani yake ilikuwa inakaribiana na gharama yake. Kipimo changu ni kwamba uwiano ulio kati ya 0.8 na 1.25 hauguswi. Si sheria ya popote, ila kinanipunguzia namba za kufuatilia, na kila namba inayobaki lazima ihesabiwe upya pale viwango vinapobadilika. Kwa sababu hiyohiyo, kwenye vifaa naweka kimoja kuwa msingi. Badala ya 90 yenye +33% na −33%, naweka msingi 120 kwa kompyuta na simu −50%. Matokeo ni yaleyale, ila kitasa cha kuzungusha ni kimoja.

Simu inastahili neno moja zaidi. Kabla ya kuipunguza, angalia kama wanaotumia simu wananunua kwa njia usiyoipima. Wengi hupiga simu badala ya kujaza fomu, na wengine hutafuta kwenye simu asubuhi kisha wakamalizia kwenye kompyuta. Kama simu zinazopigwa hazihesabiwi, asilimia 3 ile ni kasoro ya upimaji, na ukipunguza dau unakata tawi linaloleta wateja usiowaona.

Haya yote ni ya `Manual CPC`. Kampeni ikiwa kwenye madau ya kiotomatiki ya `Target ROAS` au `Maximize conversions`, marekebisho ya kifaa na eneo hayafuatwi, isipokuwa kifaa kilichowekwa −100%. Kwenye `Target CPA` rekebisho la kifaa linafanya kazi tofauti: linabadilisha gharama lengwa ya oda, si dau. Simu ikiwekwa −30% chini ya lengo la 100, unauambia mfumo utafute oda za simu kwa 70. Kama oda ya simu ina thamani sawa na ya kompyuta, hilo ni agizo la kukataa oda zenye faida. Mfumo tayari umeshazingatia kwamba simu inaleta oda chache kwa kila mbofyo, na wewe unaipunguza tena.

Chini ya madau ya kiotomatiki, la kuuambia mfumo ni lile tu ambalo wenyewe hauwezi kuliona. Tuseme wateja wa eneo C huagiza kama wengine, lakini nusu ya oda hurudishwa baada ya wiki tatu. Kwenye akaunti oda zote zinaonekana nzima. Hapo rekebisho la eneo halitasikika. Kinachofaa ni kanuni ya thamani, inayozidisha thamani ya oda za eneo hilo kwa 0.5, pamoja na mkakati unaofuata thamani kama `Target ROAS`. Kanuni hizo hukubali masharti ya eneo, kifaa na hadhira.

Na ukihamisha kampeni kutoka `Manual CPC` kwenda kiotomatiki, futa marekebisho ya zamani. Mengi yanabaki kwenye akaunti bila kufanya kazi, na siku mtu atakapoirudisha kampeni kwenye madau ya mkono yataamka yakiwa na namba za miaka iliyopita. Dalili yake ni gharama ya mbofyo inayoruka siku hiyohiyo katika maeneo machache tu, huku madau ya msingi yakiwa hayajaguswa.