Unapokwenda kumwona bosi wa bosi wako

Karani mmoja wa ghala alikuja ofisini kwetu akiwa na kikao kesho yake na meneja wa tawi, aliye juu ya msimamizi wake. Alikuwa ameandika kurasa nne: msimamizi ana upendeleo, ana kiburi, hasalimii watu asubuhi. Katikati ya ukurasa wa tatu, kwa mstari mmoja tu, aliandika kwamba saa zake za Jumamosi hazilipwi. Nilimwomba ausome tena huo mstari, kwa sababu hapo ndipo palipokuwa na kesi yake.

Meneja wa tawi hana namna ya kupima kiburi. Tena yeye ndiye anayemtegemea msimamizi huyo kila siku, na pengine ndiye aliyempandisha cheo. Ukianza na tabia ya mtu, atajikuta anamtetea. Ukianza na jambo linaloweza kukaguliwa, unampa kazi anayoweza kuifanya bila kuamua kwanza nani mwema na nani mbaya.

Tukaketi tukapiga hesabu. Hufanya kazi saa 9 kwa siku, Jumatatu hadi Ijumaa, jumla saa 45, ambazo ndizo ukomo wa saa za kawaida kwa wiki katika Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004. Jumamosi nne mfululizo aliitwa akafanya saa 5 kila mara, yaani saa 20 za ziada. Mshahara wake ni shilingi 585,000 kwa mwezi. Sheria hugawa mshahara wa mwezi kwa 4.333 kupata wa wiki, kisha kwa saa za wiki. Kwake yeye inatoka takriban shilingi 3,000 kwa saa. Saa ya ziada hulipwa si chini ya mara moja na nusu, yaani 4,500. Anadai 90,000.

Kazi ya ziada lazima iwe ya makubaliano, hivyo swali la kwanza la meneja lingekuwa: nani alikwambia uje? Jibu lilikuwa kwenye simu yake. Kila Ijumaa jioni msimamizi alimtumia ujumbe wa Watsapu: "Kesho saa mbili uwepo, kuna mzigo." Tulizipanga jumbe hizo nne kwa tarehe, pamoja na hati zake za mshahara, kwenye karatasi moja. Orodha ya wateja aliyotaka kuitoa ghalani nakala nilimkataza. Kubeba siri za ofisi kunaweza kumgeuza mlalamikaji kuwa mshtakiwa.

Swali la pili huwaangusha wengi: "Umeshaongea na msimamizi wako?" Yeye alikuwa ameuliza mara mbili, akaambiwa "tutaona." Tukaandika tarehe zote mbili. Kama hujaongea naye, ongea kwanza, isipokuwa malalamiko yenyewe ni unyanyasaji wa kijinsia, vitisho au wizi. Hapo usirudi kwake. Nenda moja kwa moja juu au kwa ofisi ya rasilimali watu.

Usiombe pia jambo hili libaki siri. Meneja hawezi kukagua daftari la mahudhurio bila msimamizi kujua. Ni afadhali uulize mapema: "Mkuu, utakapolifuatilia, atajua nimekuja mimi?" Uamue ukijua.

Tulifanya mazoezi ya kufungua kikao, mimi nikiwa meneja. Mara ya kwanza alizunguka dakika tano. Mara ya tatu alisema hivi: "Shikamoo mkuu. Nimekuja kwa jambo moja. Nimefanya kazi Jumamosi nne kwa maelekezo ya msimamizi, na saa 20 hazimo kwenye mshahara. Nimemuuliza mara mbili. Naomba zikaguliwe na nilipwe, na tuelewane Jumamosi zijazo zitaandikwa wapi." Akanyamaza. Kunyamaza hapo ni kugumu, maana ulimi unataka kurudi kwenye kiburi na salamu.

Jioni ya kikao alimwandikia meneja barua pepe fupi: walichozungumza, alichoahidi meneja, na tarehe aliyoitaja ya kumjibu. Barua hiyo ndiyo kumbukumbu pekee ya kikao cha watu wawili.

Jambo moja nililirudia mlangoni. Mazungumzo ya ndani hayasimamishi siku za kisheria. Mgogoro wa malipo kama huu hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60, na ukiachishwa kazi isivyo halali una siku 30 tu. Ukichelewa itabidi uombe kuongezewa muda kwa sababu zenye uzito. Kwa hiyo aliizungushia duara siku ya 45 kwenye kalenda ya simu yake: ikifika na jibu halijaja, anajaza fomu ya Tume.