Pipa linalotuma meseji likijaa: kazi ngumu iko kwenye neno "limejaa"

Kuunganisha kihisi cha masafa kwenye bodi ya Arduino ni kazi ya mchana mmoja. Waya nne tu: umeme, ardhi, pini ya kuamsha na pini ya kupokea. Ndiyo maana mapipa mengi ya maonyesho ya wanafunzi hufanya kazi vizuri mezani. Ukiliweka pipa lile lile nje, kando ya genge la matunda, ndani ya wiki moja mwenye guta la taka ataanza kupokea meseji za uongo, na akishaitwa bure mara mbili tatu hataitika tena. Kwa hiyo nitaeleza zaidi jinsi pipa linavyoamua kuwa limejaa, kwa kuwa hapo ndipo kifaa hiki kinapofaulu au kushindwa.

Nichukue pipa la plastiki la mviringo, upana wa sentimita 45 na kina cha sentimita 80, yaani karibu lita 127. Ndani ya kifuniko kuna kihisi cha HC-SR04 kinachotazama chini. Ukikipa umeme kwenye pini ya Trig kwa mikrosekunde 10, hutoa mipigo minane ya sauti ya kilohezi 40, ambayo sikio la binadamu halisikii. Sauti inashuka, inagonga taka, inarudi. Pini ya Echo hubaki juu kwa muda ule wa safari ya kwenda na kurudi. Sentimita moja huchukua takriban mikrosekunde 58 kwa safari nzima, kwa hiyo pipa tupu la sentimita 80 litatoa kama 4,640, na ukigawa kwa 58 unapata umbali.

```cpp
long pimaSm() {
  digitalWrite(TRIG, LOW);
  delayMicroseconds(2);
  digitalWrite(TRIG, HIGH);
  delayMicroseconds(10);
  digitalWrite(TRIG, LOW);
  long us = pulseIn(ECHO, HIGH, 10000);
  return us / 58;   // 0 = hakuna mwangwi
}
```

Ile 10000 mwishoni ni kikomo cha kusubiri. Mwangwi usiporudi ndani ya muda huo, `pulseIn` hurudisha sifuri. Hapa ndipo programu nyingi ninazoletewa kukagua zinapoharibika. Mwandishi ameandika "umbali ukiwa chini ya 20, tuma meseji", na sifuri iko chini ya 20. Matokeo yake, kila mara sauti inapopotea, pipa linajitangaza limejaa. Sifuri maana yake ni "sikusikia kitu", basi.

Na kwenye taka sauti hupotea mara nyingi. Ukuta wa darasani ni bapa na mgumu, hurudisha mwangwi safi. Vifuu vya madafu ni vya duara, vinatupa sauti pembeni. Boksi lililolala mshazari huielekeza ukutani kwa pipa. Majani makavu, nguo kuukuu na sponji vinaimeza. Halafu kuna kosa la upande wa pili: sauti ya kihisi hiki haiendi kama uzi, inatawanyika kama mwanga wa tochi, takriban nyuzi 15 kila upande wa mstari wa kati. Kwa kina cha sentimita 80, mtawanyiko huo unafika sentimita 21 kutoka katikati. Nusu ya upana wa pipa letu ni sentimita 22 na nusu. Ukifunga kihisi katikati kabisa ya kifuniko, sauti inafika chini ikiwa karibu tu kugusa ukuta. Ukikifunga pembeni, sentimita 5 kutoka ukutani, itaukuta ukuta kwenye kina cha sentimita 19 hivi, na kama pipa lina mbavu au mikunjo hapo, utasoma 19 mchana kutwa hata pipa likiwa tupu. Dalili yake ni rahisi kuitambua: namba haibadiliki hata baada ya kumwaga. Hamisha kihisi, usihangaike na programu.

Dawa ya vipimo vinavyorukaruka ni kupima mara tano mfululizo, ukiacha milisekunde 60 au zaidi kati ya kipimo na kipimo ili mwangwi wa zamani ufe. Tupa sifuri zote, panga zilizobaki kutoka ndogo hadi kubwa, kisha chukua iliyo katikati. Tuseme umepata 47, 0, 46, 12 na 47. Ukitoa sifuri na kupanga, una 12, 46, 47, 47, na kati ya mbili za katikati unachukua kubwa, 47. Ungetumia wastani ungepata 38, umbali ambao haumo kabisa ndani ya pipa. Zikibaki namba chini ya tatu, rudisha sifuri na usubiri zamu nyingine.

Hilo linaondoa makosa ya sauti. Linabaki kosa la watu. Mtu anafungua kifuniko, anaweka boksi juu juu, anaondoka. Kihisi kinasoma sentimita 17, na kipimo hicho ni cha kweli, ila pipa halijajaa. Dakika ishirini baadaye mwingine anakuja na mfuko mzito, analibonyeza boksi, nafasi inapatikana tena. Kwa hiyo napima kila baada ya dakika 10, na pipa lazima lionekane limejaa katika vipimo vitatu vinavyofuatana kabla ya kutuma chochote. Nikishatuma, sitaki litume tena hadi liwe limemwagwa kweli, na "limemwagwa" napaweka mbali kabisa na "limejaa":

```cpp
if (sm == 0) return;          // subiri zamu ijayo
if (!limejaa) {
  mara = (sm <= 20) ? mara + 1 : 0;
  if (mara >= 3 && tumaMeseji()) {
    limejaa = true;
    mara = 0;
  }
} else if (sm >= 55) {
  limejaa = false;
}
```

Tazama siku moja ya genge inavyopita humu. Saa sita na dakika kumi mchana pipa linasoma 17, dakika kumi baadaye 19, kisha 39 kwa sababu boksi limekandamizwa. Hesabu inarudi sifuri, hakuna meseji. Jioni linasoma 20, 19, 18. Meseji inakwenda. Usiku taka zinajikalia na usomaji unapanda hadi 24, asubuhi unashuka tena hadi 19. Kama mpaka ungekuwa mmoja tu, pipa lingetuma meseji ya pili. Kwa kuwa halijafika 55, linanyamaza. Angalia pia kwamba `limejaa` inakuwa kweli pale tu `tumaMeseji()` inapofanikiwa. Mtandao ukikatika, pipa litajaribu tena baada ya dakika 10.

Kwa nini sentimita 20 na siyo 5? Kwanza, mwenye guta anahitaji muda wa kufika. Pili, HC-SR04 haioni vizuri kitu kilicho karibu kuliko sentimita 2, na mfuko ukiigusa inaweza kutoa namba kubwa ya ajabu. Wanaotumia JSN-SR04T, ile isiyopenya maji, wawe waangalifu zaidi, maana hiyo huhitaji sentimita 20 hadi 25 mbele yake. Ukiweka mpaka wa 20 kwenye kihisi hicho, pipa litapitiliza likijaa bila kusema. Weka 30, au kiinue kihisi ndani ya kifuniko kirefu. Faida yake ni kwamba mvuke wa taka mbichi haukili haraka kama unavyoila HC-SR04, ambayo macho yake yako wazi.

Upande wa kutuma meseji, moduli ya bei nafuu iliyozoeleka ni SIM800L. Inatumia mtandao wa 2G pekee, hivyo pima kwanza mahali hapo kwa simu ya kitochi yenye laini ya kampuni utakayoitumia. Amri zake ni hizi:

```
AT+CMGF=1
AT+CMGS="+255XXXXXXXXX"
```

Baada ya mstari wa pili moduli hutoa alama ya `>`, unaandika ujumbe na kumalizia kwa herufi namba 26. Ikijibu `+CMGS:` na `OK`, meseji imepokelewa na mtandao. Jibu hilo ndilo `tumaMeseji()` inalosubiri.

Umeme ndio unaowatesa wengi hapa. SIM800L inataka volti 3.4 hadi 4.4, na inapozungumza na mnara huvuta hadi ampea 2 kwa vipindi vifupi sana. Pini ya 5V ya Arduino haifai: volti zimezidi na nguvu haitoshi. Ichukulie umeme moja kwa moja kwenye betri moja ya lithiamu ya 18650 yenye ulinzi, kwa waya mfupi na mnene, na uweke kapasita ya mikrofaradi 1000 karibu kabisa na pini zake. Taa ndogo ya moduli itakwambia hali: ikiwaka takriban kila sekunde moja bado inatafuta mtandao, ikiwaka kila sekunde tatu imeshaupata. Ikitafuta kidogo, ikazima, ikaanza upya bila mwisho, umeme unaanguka. Usibadilishe laini, badilisha waya au betri. Pipa likiwa la bati, toa antena nje.

Arduino Uno ni nzuri ya kujifunzia, lakini peke yake hula karibu miliampea 50 hata ikiwa haifanyi kitu. Betri ya miliampea-saa 2500 itaisha kwa siku mbili. Kwa pipa la kukaa nje natumia Pro Mini ya volti 3.3 pamoja na HC-SR04P, toleo linalokubali volti hizo, na bodi nailaza usingizi. Usingizi wake mrefu kwa mkupuo ni sekunde 8, hivyo mikupuo 75 inatoa dakika 10. SIM800L inakatwa umeme kabisa kwa transista hadi itakapohitajika. Hiyo na betri ndizo zinazokula pesa nyingi katika mradi. Kihisi ni cha bei ndogo.

Jambo moja zaidi silitengenezi pipa bila kuliweka. Pipa lililo kimya linaweza kuwa halijajaa, au betri yake imekufa, au kihisi kimeoza, na kwa mtu mwenye simu mkononi yote matatu yanafanana. Kwa hiyo kila asubuhi pipa hutuma meseji moja fupi: umbali uliosomwa, volti za betri, na idadi ya sifuri za jana. Sifuri zikiongezeka siku hadi siku, futa uso wa kihisi au ubadilishe. Volti zikishuka hadi 3.6, badilisha betri siku hiyo hiyo, kwa sababu wakati wa kutuma zitaanguka chini ya 3.4 na pipa halitaweza tena kukuarifu.