Levereji na dhamana: bei ikishuka asilimia 1.3 tu, biashara inafungwa

Katika biashara ya fedha za kigeni, levereji ni ruhusa ya kufungua biashara kubwa kuliko pesa uliyoweka. Broka hakupi mkopo mkononi. Anachofanya ni kushikilia sehemu ya salio lako kama dhamana, ile inayoonekana kwenye programu ya MetaTrader kama `Margin`, kisha faida na hasara zinahesabiwa kwa biashara nzima, si kwa dhamana.

Tuseme una dola 200 na levereji ya 1:100. Unanunua loti 0.1 ya EUR/USD, yaani euro 10,000, kwa bei ya 1.1000. Thamani yake ni dola 11,000, hivyo dhamana inayoshikiliwa ni dola 110. Bei ikisogea kwa 0.0001, wewe unapata au unapoteza dola 1. Ikipanda hadi 1.1145, unavuna dola 145. Umbali huohuo kwenda chini unakula dola 145 kati ya zako 200, ingawa euro yenyewe imeshuka kwa asilimia 1.3 tu.

Kabla ya kufika huko, tazama `Margin Level`: ni `Equity`, yaani salio pamoja na faida au hasara ya biashara iliyo wazi, gawanya kwa `Margin`, mara 100. Unaanza na asilimia 182 hivi. Bei ikifika 1.0910, umebaki na dola 110, asilimia 100, na kwa broka wengi hapo ndipo onyo linatoka na huwezi kufungua biashara mpya. Ikifika 1.0855 umebaki na dola 55, asilimia 50. Kama hicho ndicho kiwango cha `Stop Out` cha broka wako, mfumo unaifunga biashara bila kukuuliza. Hata bei ikirudi juu baada ya dakika kumi, wewe haumo tena.

Wengi hulaumu namba ya levereji, lakini kinachounguza akaunti ni ukubwa wa loti. Kwa loti 0.01, 0.0001 ileile ni senti 10, na bei ingelazimika kuporomoka karibu 0.1945 ndipo ufungiwe. Levereji kubwa inapunguza dhamana tu; kwa 1:500, loti 0.1 ingeshikilia dola 22, ungevumilia zaidi, lakini ungefungwa ukiwa umebaki na dola 11.

Isitoshe, kufungwa huko hakuna uhakika wa bei. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kuilinda bei ya faranga 1.20 kwa euro. Euro iliporomoka kwa dakika chache, wanunuzi hawakuwepo kwenye bei za katikati, na biashara zilifungwa chini kabisa. Baadhi ya wateja walijikuta wanadaiwa na broka. Tangu 2018 kanuni katika nchi za Umoja wa Ulaya zinamkinga mteja wa kawaida wa mikataba ya aina hii asidaiwe zaidi ya alichoweka. Kwa broka wa kwingineko, kitafute kifungu hicho kwenye mkataba kabla ya kutuma pesa.