Kochi la mita mbili halivai mita mbili

Barua imenifikia juzi, imefungwa kwenye mfuko mmoja na kitambaa. Naiweka hapa kama ilivyo, jina tu nimelitoa: "Fundi, habari za kazi. Naomba unishonee kava za kochi la watu watatu. Urefu sentimita 200, upana 90, kimo 85. Kitambaa ni pamba nzito ya maua, mita 8. Kikibaki nishonee na foronya za mito midogo. Nitahitaji Ijumaa ijayo, nina wageni. Asante."

Kikibaki! Nilikaa chini kwanza.

Mwenye barua hana kosa la adabu, na mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Ila hii ni barua ya tatu mwezi huu inayopima kochi kama sanduku. Vipimo vile vitatu vinamfaa mchukuzi anayetaka kujua kama kochi litapita mlangoni. Mimi sipitishi kochi mlangoni. Mimi kitambaa changu kinatembea juu yake, kinapanda, kinavuka, kinashuka, kinaingia kwenye mifereji, na kila hatua inakula sentimita.

Chukua mkono mmoja wa kochi hilohilo. Nilikwenda nikalipima mwenyewe, baada ya kutoa mito ya kukalia. Mkono una kimo cha sentimita 60 kutoka sakafuni, na ndicho kipimo ambacho mtu angeniandikia. Sasa tembea na tepu. Anza ndani, pale mkono unapokutana na kitako: hapo kitambaa lazima kizame mferejini, weka 15. Panda upande wa ndani wa mkono, 32. Vuka juu yake, 22. Shuka upande wa nje hadi chini, 60. Pindo, 5. Jumla 134, na mshono bado sijautaja. Sitini ya barua imekuwa mia na thelathini na nne, tena kwa mkono mmoja.

Watu hunijibu, "Basi fundi, zidisha mara mbili tu." Hapana. Kuna mikono myembamba iliyonyooka na kuna mikono minene iliyojikunja kama mkate. Miwili yenye kimo kilekile inaweza kupishana sentimita 30 za kitambaa. Hakuna cha kuzidisha. Kuna kutembea na tepu.

Hizo 15 za mfereji ndizo zinazogombanisha. Mwenye nyumba hazioni, kwa hiyo hazihesabu. Fundi mchoyo naye huziiba. Kava isiyo na kitambaa cha kuzama huchomoka mara ya kwanza mtu akikaa, na jioni utaona mwenye nyumba anachomekachomeka kwa viganja kama anayetandika kitanda cha hospitali. Lakini niseme na la upande wangu: mwanafunzi hufundishwa 15 kana kwamba ni sheria, na mimi sina hakika nayo hata kidogo. Nasukuma mkono mferejini. Ukizama hadi kifundo cha mkono, naweka 15 au hata 18. Ukigota kwenye vidole, maana kuna makochi ambayo kitako na egemeo vimegandishwa pamoja, zile 15 zitakuwa uvimbe tu, hivyo naacha chache na kushona kwa kufuata kona. Hapo katikati nakisia. Miaka yote hii, bado nakisia.

Kwa hiyo mwandishi wa barua asiponiambia chochote kingine, aniandikie hili: "Mkono wangu unazama mferejini mpaka hapa."

Tuje kwenye upana. Kochi ni 200 kwa nje, lakini mikono miwili ya 22 imekula 44, kwa hiyo kati ya mkono na mkono ni 156. Kitambaa chake kina upana wa 140, kama vilivyo vingi vya makochi. Mia na arobaini haifuniki 156, sembuse egemeo linalopanda juu ya mikono na kutanuka hadi 200 kamili. Kitambaa kisicho na maua wala manyoya nakilaza: urefu wa jora unafuata urefu wa kochi, na kiungo hakipo. Kwa njia hiyo kochi hili lingekula mita 9 na nusu, pamoja na mito mitatu ya kukalia. Ongeza akiba ya kunywea, sema 10. Mita 8 hazikutosha hata kama kingekuwa cheupe pee.

Nacho si cheupe. Kina maua, na maua yana shina chini na kichwa juu. Nikikilaza, bustani nzima italala ubavu. (Mahameli yana shida yake ya aina hiyo, ukiyapapasa upande huu yanang'aa na upande ule yanafifia. Siku nyingine.) Maua lazima yasimame, kwa hiyo kila sehemu pana nakata vipande viwili: kimoja kizima katikati, cha pili nakipasua nikakitia pembeni kulia na kushoto. Kiungo kimoja katikati ya egemeo ni aibu, kila anayeingia sebuleni anakiona kabla hajasalimia.

Halafu kuna marudio ya ua. Nilipima kutoka kichwa cha ua hadi kichwa cha ua kama hilo linalofuata juu yake: sentimita 64. Maana yake vipande viwili haviwezi kukutana kwenye kiungo isipokuwa vyote vimeanzia mahali pamoja pa ua. Egemeo la ndani lilihitaji kipande cha 96. Sentimita 64 hazitoshi, kwa hiyo nakata marudio mawili, 128, na 32 zinabaki pembeni kama matambara. Kitako pamoja na mteremko wa mbele, 108: tena 128. Mgongo wa nje, 93: tena 128. Sehemu tatu, vipande viwiliviwili, sita mara 128 ni mita 7 na sentimita 68. Mita 8 zake zimekwisha hapo, na sijagusa mkono wala mto. Nilipomaliza hesabu yote nilifika karibu mita 14.

Kuhusu zipu za mito, unene wa sponji na uzi, sitapoteza muda, hayo fundi yeyote anayajua na mteja hana haja ya kuyaandika.

Ila mita 14 si lazima, na hapa ndipo barua ingenisaidia kama ingesema kochi linakaa wapi. Hili limeegemea ukuta. Mgongo wake wa nje unatazamwa na mjusi tu. Na kitako kilicho chini ya mito ya kukalia hakionwi na mtu mpaka siku ya kutafuta rimoti. Sehemu hizo mbili nikiziweka kitambaa kisicho na maua, nikaacha mbele pale panapoonekana maua yapite kwa marudio moja na kuingia kidogo chini ya mito, maua yanashuka hadi kama mita 10, na kile cha kawaida kinahitajika mita 4. Kwa hiyo alipaswa kuongeza mita 2 za maua. Nikamsisitizia akamwombe muuzaji jora lilelile. Jora jingine la ua hilohilo linaweza kuwa limetiwa rangi kwa mkupuo mwingine kiwandani, na tofauti ambayo dukani huioni, ukiziweka bega kwa bega juu ya kochi, inapiga kelele.

Sasa Ijumaa. Nawapenda wageni, lakini pamba isiyofuliwa siikati. Nilikata mraba wa sentimita 50 kwa 50 kutoka kwenye ukingo, nikaufua kama yeye atakavyofua, nikaupiga pasi. Ukawa 48 kwa urefu na 49 na nusu kwa upana. Sentimita mbili katika hamsini zinaonekana ndogo. Kwenye kipande cha 134 cha mkono ni zaidi ya 5, yaani pindo lote. Kava inayokaa vizuri siku ya wageni, baada ya kufuliwa mara moja inakuwa kaptula. Na nikiri kwamba kile kimraba nacho si shahidi kamili: jora zima likilowa linakuwa zito, likining'inia kambani linajivuta, na limewahi kunipa matokeo tofauti na ya kipande. Ndiyo maana nafua kitambaa chote kabla ya kukata, na kile cha kawaida pia, la sivyo kimoja kitanywea na mwenzake atabaki, na mshono uliopo kati yao utajikunyata.

Hesabu basi. Kufua na kukausha, siku mbili jua likiwepo. Kukata maua yakae sawa, siku nzima, na sitaki kuzungumzishwa siku hiyo. Kushona, siku tatu. Kisha naipeleka kwake ikiwa nje-ndani, naivalisha kochi, nabana kwa pini pale palipolegea, narudi nayo, siku nyingine. Saba, na zinaanza siku kitambaa cha mwisho kinapowekwa mezani kwangu. Hazianzi siku barua ilipoandikwa. Anayeniandikia "Ijumaa ijayo" wakati mita 2 bado ziko dukani ananiandikia matumaini.

Nilimjibu kwenye karatasi ileile, upande wa pili, pamoja na mchoro wa mkono wa kochi na mishale inayopanda na kushuka. Leo asubuhi kijana wake ameleta mfuko wa pili na barua mpya:

"Fundi, shikamoo. Nimeongeza mita 2 za maua, jora lilelile, nimelinganisha juani. Na mita 4 za rangi ya maziwa za nyuma na chini ya mito. Zote nimezifua na kupiga pasi. Kati ya mkono na mkono ni 156, nimepima mara mbili. Mferejini mkono wangu unazama hadi kwenye saa. Kochi liko ukutani na halitasogezwa. Wageni nimewaambia waje Jumapili ya wiki ile nyingine, wewe niletee Alhamisi ya kupima na Jumamosi ya kumaliza. Foronya za mito midogo acha."

Nimepima kitambaa kipya: kutoka ua hadi ua, 61 na nusu, ndizo 64 zilizokwisha kunywea. Chaki iko wapi.