"Nitakupigia" si oda

Kila wiki ni ombi lile lile, limebadilishwa nguo tu: "Nataka nisome Excel miezi sita, kisha niwe natengenezea vikoba mifumo ya hesabu. Soko lipo, watu wengi wameniambia." Wamekuambia nini? "Kwamba ni wazo zuri." Basi?

Kumsifia mtu wazo lake hakumgharimu msifiaji hata senti, na sisi tumelelewa tusimkatishe mtu tamaa usoni. Kwa hiyo ukiuliza "je, ungenunua?" utajibiwa ndiyo na mtu ambaye hatanunua kamwe, na hata hajakudanganya. Amekupa adabu. Jaribio la soko linaanza pale unapoomba pesa, na huhitaji Excel kuomba pesa.

Tuendelee na vikoba hivyo hivyo. Bei nitakazotaja ni za mfano.

Ofa yako isitaje mfumo. Mhazini hana shida ya mfumo. Shida yake ni siku ya kuvunja kikoba, wanachama 25 wamemkodolea macho na fedha zilizo sandukuni hazilingani na daftari. Mwambie hivi: "Shikamoo mama. Nawapigia hesabu ya mgawanyo, kila mwanachama anapata karatasi yake yenye hisa, deni na gawio, siku tatu kabla hamjavunja. Ni 60,000. Mnatoa advansi 20,000, iliyobaki mkishakagua." Kuna kazi, tarehe na bei. Kikikosekana kimoja kati ya hivyo, utaambulia mazungumzo matamu tu.

Kabla ya ofa, uliza yaliyokwisha kutokea. Mwaka jana mlipovunja, hesabu alipiga nani? Ilichukua siku ngapi? Kuna aliyelipwa? Kikundi ambacho hakijawahi kutoa hata nauli kwa ajili ya shida hiyo ni mteja mgumu, hata kama kinalalamika sana. Usiulize "mngependa nini". Ukiuliza hivyo utaletewa orodha ndefu ambayo hakuna atakayeilipia.

Sasa nije kwenye linaloniudhi zaidi, maana watu wenye akili zao hukosea hapa. Mhazini akisema "ngoja niongee na wenzangu", wengine huandika "amekubali" na wengine "amekataa". Wote wamewahi mno. Pesa ya kikoba si ya mhazini, na sanduku halifunguliwi kwa sababu yako. Kwenye vikundi vingi funguo ziko kwa watu tofauti, na uamuzi ni wa kikao. Kwa hiyo jibu lake linaweza kuwa kweli tupu. Namna ya kupambanua ni moja: uliza kikao ni lini na uombe dakika kumi za kueleza mwenyewe. Akikupa siku na saa, mlango uko wazi. Akisema "nitakupigia", "tutaona" au "Inshallah" bila siku, andika hapana, umshukuru, uende kwa mwingine. Swali la "bei gani?" peke yake nalo usilihesabu. Watu huuliza bei ya kila kitu, hata cha jirani.

Na usifanye bure "ili wakutangaze". Kazi ya bure inapima kama watu wanapenda vya bure, jambo ambalo halikuhitaji utafiti.

Kabla hujaanza, andika kiwango chako cha kufaulu kwenye karatasi: mazungumzo 15 na wahazini wasio ndugu zako, wiki 3, advansi 3 zilizoingia kwenye simu. Kiwango kinachoandikwa baada ya matokeo siku zote hufaulu.

Tuseme umemaliza, na matokeo ni haya. Sita wamesema watakupigia. Wawili wamekataa waziwazi, Mungu awabariki. Wanne wana mwanachama, mwalimu au karani, anayewapigia hesabu kwa soda. Watatu wamekuita kikaoni, na wawili kati yao wakalipa. Advansi ni 2, kiwango kilikuwa 3. Hujafaulu, kwa hiyo usilipie kozi. Lakini soma vizuri: mshindani wako ni yule mwalimu wa soda, wala si kampuni yoyote, na kazi ngumu ni kufika kikaoni, maana waliokusikiliza wengi wamelipa. Rudia na wahazini wengine 15, ukibadilisha jambo moja tu, kwa mfano vikundi vilivyogombana mwaka jana wakati wa mgawanyo. Ukibadilisha bei, ofa na aina ya kikundi kwa pamoja, hutajua kipi kimefanya kazi.

Na wale wawili waliolipa? Kazi yao lazima ifanyike. Mtafute anayejua Excel tayari, mlipe 35,000 kwa kila kikundi, wewe ubaki na 25,000 kabla ya nauli. Waambie wateja wazi kwamba unashirikiana na mtu. Majina ya wadaiwa yasitoke kikundini, tumia namba za wanachama. Usipopata mtu, rudisha advansi siku hiyo hiyo. Kisha kaa karibu na huyo mtaalamu uone anachofanya, kwa sababu kiini cha miezi yako sita huenda ni mstari huu:

```
=C2/SUM($C$2:$C$26)*$H$1
```

Hisa za mwanachama, gawanya kwa hisa zote, zidisha kwa fedha za kugawana. Kukiwa na 9,450,000 na hisa 1,890, kila hisa ni 5,000, na mwenye hisa 84 anapata 420,000 kabla ya kukatwa deni. Ukisahau alama za dola kwenye safu ya hisa, basi ukiburuta fomula kwenda chini, jumla ya hisa inazidi kupungua mstari kwa mstari, na wa mwisho kwenye orodha wanapewa pesa ambazo sandukuni hazipo. Hilo linafundishika mchana mmoja. Kinachochukua muda ni kusoma madaftari yaliyofutwafutwa na kugundua mkopo ulioandikwa mara mbili, na hakuna kozi ya Excel inayokufundisha hicho.

Sasa mashaka yangu. Watu 15 ni wachache. Hata asipolipa yeyote, bado inawezekana kwamba karibu mmoja kati ya sita wa soko lote angelipa, na wewe umewakosa kwa bahati mbaya tu. Msimu nao hudanganya: vikoba vingi huvunja mwisho wa mwaka, kwa hiyo ofa hii ukiipeleka Machi utakataliwa na watu ambao Novemba wangekutafuta wenyewe. Na kuna jambo ambalo sijapata njia safi ya kulitenganisha. Mtu anayekupa 20,000 kabla ya kazi amenunua pia uso wako na jina la mtaa wenu. Nilichopata cha kupunguza hilo ni kwamba angalau vikundi 5 kati ya 15 viwe vya kata nyingine, ambako hakuna anayemjua mama yako, na hesabu yao uiandike kwenye ukurasa wa peke yake.