Basmati, parboiled na chenga si aina tatu za mchele

"Hii si basmati, hii ni parboiled." Utaisikia dukani, na anayeisema huwa na uhakika kabisa.

Basmati ni mbegu ya mpunga wa kunukia unaolimwa India na Pakistan, chini ya milima ya Himalaya. Parboiled ni mchele ambao mpunga wake ulilowekwa, ukapigwa mvuke na kukaushwa kabla ya kukobolewa. Chenga ni punje zilizovunjika. Neno la kwanza linataja mbegu, la pili namna ya kutayarisha, la tatu hali ya punje, kwa hiyo gunia moja linaweza kuwa yote matatu.

Tazama gunia lililoandikwa "1121 Sella Basmati". Hiyo 1121 ni mbegu iliyotolewa India mwaka 2003, na Sella ndivyo wafanyabiashara wa huko wanavyoiita parboiled. Huo ni basmati, na ni parboiled pia. Ukilaza punje kwenye rula inafika kama milimita 8; ni nyembamba, imechongoka, mara nyingi imepinda kidogo. Umanjano wake si uchafu wala rangi ya kutiwa. Wanga uliiva mpunga ukiwa bado na maganda, ukashikana, ndiyo maana punje inapitisha mwanga na haina lile doa jeupe kama chaki katikati.

Sasa chukua "Long Grain Parboiled Rice, 5% Broken". Rangi ni ile ile, na hapo ndipo watu wanapochanganyikiwa. Lakini punje ni fupi zaidi na nene, na kwenye gunia hakuna neno basmati. "Long Grain" ni urefu tu, hata kama mchele umetoka Pakistan. Mbegu iitwayo IRRI-6 nayo hutoka huko, na si basmati. Ukiupika mchele wa namna hiyo hunenepa. Basmati hurefuka karibu mara mbili, ikabaki nyembamba.

Hiyo "5% Broken" nayo inaonewa bure. Haina maana kwamba umeuziwa chenga, bali kwamba katika kilo 100 za mchele, punje zilizovunjika hazizidi kilo 5. Chenga zenyewe zinajulikana kwa ncha. Punje nzima ina kipengo kidogo upande mmoja, pale kiini kilipokaa, na upande wa pili umefungwa vizuri. Iliyovunjika ina upande uliokatika wazi. Angalia ncha zote mbili kabla ya kusema mbegu ni fupi, kwa sababu basmati iliyovunjika nusu hufanana sana na mchele mfupi, na harufu yake bado ipo.

Kwa hiyo muuzaji akikwambia "hii ni parboiled", bado hajakujibu kama ni basmati. Muulize kwa upole: parboiled ya mbegu gani?