Idiolekti: watu tisa, nyumba moja, kila mtu na kauli yake

Idiolekti ni usemi wa mtu mmoja: maneno yanayomjia haraka, urefu wa sentensi zake, namna anavyoomba, anavyolaumu na anavyokwepa. Lahaja ni ya watu wa mahali, idiolekti ni ya Bi Mwanaidi peke yake. Ndiyo maana hadithi ya familia kubwa humtoa mwandishi jasho. Watu tisa wa mji mmoja wanaoishi chini ya paa moja lahaja yao ni moja, kwa hiyo haisaidii kuwatenganisha.

Wengi hukimbilia vibwagizo. Huyu kila akisema lazima "wallahi", yule "oya", mwingine achanganye l na r hadi awe kichekesho. Kufika ukurasa wa tatu msomaji amechoka. Mimi huanza na swali jingine: mtu huyu akifungua kinywa, anataka kupata nini?

Tuseme nyumba iko Tanga, saa mbili usiku, umeme umekatika ghafla.

"Luku imeisha. Nani alipiga pasi?" Huyo ni Babu Hamza, dereva mstaafu.

"Enzi zetu kibatari hakikuwa na deni na mtu," akasema Bi Mwanaidi.

"Nimenunua Jumatatu. Elfu kumi. Leo Alhamisi," akasema Zuhura, mkamwana wao.

"Mama, mimi nilikuwa tu... yaani hata dakika tano... basi." Salim, miaka kumi na tisa.

"Kwa nini giza haliji mchana?" Tatu, miaka sita.

Hakuna lugha ya mtaani hapo. Babu anatafuta mkosaji. Bibi anarusha kijembe kisichotaja jina. Zuhura anahesabu, maana pesa ni yake. Salim hamalizi sentensi, na kwa kutomaliza tumeshajua nani alipiga pasi. Funika majina, soma tena: ukishindwa kutofautisha wasemaji wawili, sauti zao bado ni moja.

Wale wanne waliobaki waache kimya kwanza. Sauti tisa katika mandhari moja ni kelele, na si kila mtu wa nyumba ana la kusema kuhusu Luku.

Kiswahili kina chombo kingine ambacho waandishi hukisahau, nacho ni namna watu wanavyoitana. Zuhura humwita mkwewe "mama". Siku wakikwaruzana, hamwiti kitu. Anageukia watoto: "Mwambieni bibi yenu chakula tayari." Maneno matano tu, na ugomvi wote umo ndani yake bila mwandishi kuandika "alisema kwa hasira".

Tahadhari moja: usiwatenganishe mno hadi waonekane abiria wa basi. Watu wa nyumba moja huibiana maneno. Wiki moja baadaye Tatu anamsimulia mwenzake barazani: "Enzi zetu, Jumanne ile, tulikuwa na umeme."